Karibu Jumanne, Saa Tisa Mchana

Mesaji huingia jioni, sombe ikiwa jikoni inatokota na huna mkono mkavu wa kushikia simu. "Mwalimu, kuanzia kesho komisyonere atapitisha watu waone nyumba. Muwapokee vizuri." Hakuna saa, hakuna siku, hakuna idadi ya watu. Asiyejua mambo haya hujibu maneno mawili tu, "Sawa papa," kisha hurudi kwenye sufuria akijiona mtu wa adabu. Mwongozo huu ni wake.

Mimi nilijibu "Sawa papa" hapa hapa Kalima, tarehe 2 Machi, siku moja baada ya preavi yangu ya miezi 3 kuanza. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtoto wangu wa mwisho yuko ndani ya beseni amejaa povu, mlango ukafunguliwa. Waliingia wanne. Hodi ilipigwa, sikatai, lakini ilipigwa na mtu aliyekwisha kuvuka kizingiti. Tulilelewa kwamba hodi hupigwa mara tatu, na usipoitikiwa unarudi ulikotoka. Komisyonere yeye huihesabu hodi kama kikohozi: anaitoa huku anatembea. Mmoja wa wale wanne alimtazama mtoto, akatazama dari, akasema, "Nyumba si mbaya," wakatoka. Wiki mbili zilizofuata walikuja wakati wa kula, wakati wa kulala, na mara moja wakati mke wangu alikuwa anapokea rambirambi za shangazi yake. Watu walidhani wageni wale wamekuja msibani, wakawapa viti.

Kabla ya kuonyesha jibu gani ungepaswa kutoa, lazima nikuondoe kwenye kosa la pili, ambalo ni baya kuliko la kwanza. Kosa la pili ni kukasirika na kukataa kabisa. Utakuwa na vya kujitetea navyo. Ibara ya 29 ya Katiba ya 2006 inasema makao ya mtu hayaingiliwi, na Dekreti ya 1888 kuhusu mikataba, ambayo bado ndiyo msingi wa sheria zetu za kupanga, inamdai mwenye nyumba amwache mpangaji atumie nyumba kwa amani muda wote wa mkataba. Preavi ni sehemu ya mkataba. Hadi siku ya mwisho nyumba ni kwako, na bayeri akitaka kuingia naye ni mgeni. Yote hayo ni kweli, na ukimwandikia bayeri hivyo kwa herufi kubwa utakuwa umejifunga kitanzi, kwa sababu umesahau jambo moja: garanti yako.

Tuongee kuhusu garanti, maana hapa ndipo wapangaji wengi hawaoni mbali. Sheria namba 15/025 ya 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi kodi ya miezi 3. Kodi yangu ilikuwa dola 40, basi nilitoa dola 120 nilipoingia. Ziko wapi? Kwenye karatasi, anazo bayeri, anazitunza. Katika maisha, ziliezeka upande mmoja wa paa lake lingine, zikalipa ada ya mtoto, na zilizobaki zikaliwa Krismasi. Simlaumu. Kwetu ni wachache sana wanaofungia garanti sandukuni. Lakini maana yake ni kwamba siku nitakapotoka, bayeri hatakuwa na dola 120 za kunirudishia mpaka apate mpangaji mpya atakayetoa garanti yake. Garanti ya anayeingia ndiyo inayomlipa anayetoka. Yule mtu aliyemtazama mtoto wangu na dari, huenda mfukoni mwake mlikuwa na dola zangu 120. Na mimi nilimkunjia uso.

Kwa hiyo unataka wageni waje. Unawataka kuliko bayeri mwenyewe. Ila unawataka wakukute umevaa.

Kuna hali moja inayobadilisha hesabu hii. Wapangaji wengi hawasubiri kurudishiwa: wanakubaliana na bayeri kwamba garanti italiwa ndani ya preavi, yaani miezi 3 ya mwisho hawalipi kodi, na siku ya kutoka hakuna anayemdai mwenzake isipokuwa kwa vioo na vitasa. Ukiwa katika mpango huo, mgeni anayeangalia nyumba hana hela yako, na bayeri ndiye mwenye haraka, tena atatamani utoke kabla ya wakati. Basi kabla hujajibu lolote kuhusu vizite, uliza kwanza: garanti tunaila au unanirudishia? Jibu lipate kwa maandishi. Mimi nilikuwa nalipa kodi kama kawaida na kungoja kurudishiwa, kwa hiyo yanayofuata ni ya mtu wa namna yangu.

Sasa mfahamu komisyonere. Usimchukie, ana watoto, lakini elewa anavyokula. Mkataba ukifungwa anapata komisyo, ambayo mara nyingi ni kama kodi ya mwezi 1. Hiyo inakuja mara moja. Katikati kuna hela ndogo ya vizite, ambayo kila anayetaka kuona nyumba humpa kabla ya kutoka nyumbani, na hiyo haimngoji mkataba. Ndiyo maana anakuletea hata watu wasioweza kupanga: kijana anayetafuta chumba kimoja anaonyeshwa nyumba ya vyumba vitatu, mwenye dola 20 anaonyeshwa ya dola 40. Nyumba yako imekuwa filamu na yeye anauza tikiti.

Utawatambua hao wa filamu. Wanatazama juu, wanasema nyumba ni nzuri, hawaulizi kitu. Mpangaji wa kweli huja na mama, mke au dada, na huyo mama hana habari na sebule. Anakwenda moja kwa moja jikoni, kisha chooni, kisha anasimama uani na kuuliza maji mnateka wapi, kisima cha jirani kinakauka mwezi gani, na mwenye parseli ya nyuma anapiga muziki hadi saa ngapi. Ukisikia swali la maji, anza kufunga mizigo.

Dawa ya tikiti ni sentensi moja katika jibu lako: kila anayekuja awe ameambiwa kodi na garanti kabla ya kuja. Sentensi hiyo peke yake ilipunguza wageni wangu zaidi ya nusu, na bayeri hakuweza kuipinga, maana nani atasema anataka wasiojua bei?

Tuingie kwenye saa. Saa ngapi zinatosha? Sheria ya Ufaransa ya 6 Julai 1989, ambayo wapangaji wa huko wanaishika kama rozari, inafuta kipengele chochote cha mkataba kinachomlazimisha mpangaji kupokea wageni siku za sikukuu, au zaidi ya saa 2 kwa siku ya kazi. Haitufungi hapa Maniema, lakini ni kipimo kizuri cha kile ambacho watu wenye akili waliona kinavumilika. Mimi nilipiga hesabu yangu: siku 2 kwa wiki, saa 2 kila siku, ni saa 4. Kuiona nyumba ya vyumba vitatu bila kukimbia kunachukua nusu saa. Basi makundi 8 kwa wiki, na nilikuwa nimebakiza wiki 10: makundi 80. Nyumba isiyopata mpangaji katika watu hao wote haikosi wageni. Bei yake ndiyo imekosewa.

Siku gani? Chukua siku moja ya kazi na Jumamosi, na sababu iko barabarani. Watu wa Kalima wenyewe wanaweza kuja Jumanne alasiri. Lakini nyumba za hapa huulizwa pia na watu wa Kindu, wauguzi waliohamishwa, walimu, wafanyabiashara wa kasiteriti. Hao wanaanza kwa kuvuka Lualaba hadi Alunguli, kisha pikipiki kilomita zipatazo 100, na mvua ikikamata barabara, anayesema atafika mchana atafika na taa. Jumamosi ni yao. Na kwa sababu hiyo hiyo usiandike saa kama mwanajeshi: weka nusu saa ya huruma baada ya muda kwisha, kwa aliyetoka mbali na aliyetoa taarifa kwamba yuko njiani.

Nusura nisahau mtego mkubwa kuliko yote, ambao hakuna mwanasheria atakayekuambia. Ukiandika "saa 9", wewe umemaanisha alasiri. Bayeri aliyezoea kusoma barua za Kifaransa anasoma saa tatu asubuhi. Halafu bayeri wangu anakaa Kinshasa, na saa ya Kinshasa iko nyuma ya saa yetu ya Maniema kwa saa 1 nzima. Kwa hiyo alipompigia komisyonere na kumwambia "saa nane", komisyonere alikuja saa nane ya Kalima, wakati bayeri alifikiria ile ambayo kwetu ni saa tisa, na mimi nilikuwa nimeelewa kitu cha tatu. Andika saa kwa maneno, ongeza mchana au jioni, weka na tarakimu za Kifaransa kwenye mabano, kisha malizia: saa za Kalima.

Usipeleke karatasi kabla ya sauti. Bayeri ni mzee wako hata kama mmelingana umri, na karatasi isiyotanguliwa na salamu kwetu ni wito wa mahakamani. Mpigie kwanza, muulize habari za Kinshasa, muulize mguu wake, mwambie unafurahi watu wanaipenda nyumba, na kwamba utamwandikia ratiba "ili komisyonere asitusumbue sote wawili". Hilo neno sote ndilo mafuta ya bawaba. Kisha andika. Hii ndiyo barua yangu ya 16 Machi, iliyochelewa wiki mbili:

"Papa, nakusalimu wewe na familia yote. Nimepokea mesaji yako kuhusu watu wanaotaka kuona nyumba, na ninakubali waje hadi mwisho wa preavi, 31 Mei. Tutawapokea Jumanne na Jumamosi, kuanzia saa tisa mchana hadi saa kumi na moja jioni (15 h 00 hadi 17 h 00), saa za Kalima. Naomba tupewe taarifa kwa mesaji siku 2 kabla, ikisema siku, saa, watu wangapi na nani anawaleta. Kila anayekuja awe anajua kodi na garanti. Mimi au mke wangu tutakuwepo. Ufunguo hatutauacha kwa mtu. Tukipata ugonjwa au msiba tutakuarifu siku hiyo hiyo na kukupa siku nyingine ndani ya wiki. Mtu akitoka Kindu na barabara ikamchelewesha, atupigie, tutamngoja nusu saa. Picha za vyumba zipigwe bila vitu vyetu na bila watoto. Vizite hizi ni za kuonyesha nyumba. Hali ya nyumba tutaiangalia pamoja siku ya kutoka. Nakushukuru kwa imani yako."

Angalia ilivyoanza: ninakubali. Neno hilo likae juu, kabla ya masharti yoyote, kwa sababu siku mkigombana na jambo likafika ofisi ya Abita, karani atasoma mistari miwili ya mwanzo tu, na anachotafuta ni nani alikataa. Angalia pia kwamba nilipochukua siku, nilirudisha siku: ugonjwa haufuti vizite, unazihamisha. Masharti ambayo hayarudishi kitu yanaitwa ukaidi.

Ufunguo nao. Komisyonere atasema, "Mwalimu, kwa nini usumbuke, uniachie ufunguo." Ni ukarimu wa kweli na usiupokee. Kitu kikipotea hutajua nani wa kumuuliza, na yeye pia hatajua, maana atakuwa amempa mdogo wake.

Na ile sentensi kuhusu hali ya nyumba, wengi wananiuliza inafanya nini pale. Inazuia vizite kugeuka ukaguzi. Bayeri akimtuma ndugu yake pamoja na wageni, ndugu huyo hataangalia wageni, ataangalia ufa wa ukutani, na ufa huo utakatwa kwenye garanti yako kabla hujapata nafasi ya kusema uliukuta. Ukaguzi ni wa siku moja, watu wawili, karatasi moja, ikiwezekana mkilinganisha na karatasi ya siku ya kuingia. Mimi sikuwa na karatasi ya kuingia. Ndiyo maana najua.

Barua ifanye nakala mbili. Moja akabidhiwe komisyonere, nyingine atie sahihi na tarehe kwamba amepokea, na picha ya hiyo yenye sahihi mtumie bayeri. Kisha taarifa zote ziwe kwa mesaji. Mtandao wa hapa unakatika, lakini mesaji hubaki na tarehe yake, na simu ya mdomo haina tarehe.

Bayeri alijibu siku hiyo hiyo: sawa, lakini Jumapili pia, "watu wako huru". Hapa wengi huanguka. Usiseme hapana, sema bei. Niliandika: "Papa, Jumapili tunakuwa kanisani na wageni wa familia. Kama kuna mtu mmoja asiyeweza siku nyingine kabisa, nitumie jina lake na tutampangia." Kwa miezi miwili na nusu jina hilo halikuja.

Nifungue mabano, maana mzee mmoja jirani yangu, aliyefanya kazi mgodini, alicheka sana alipoona ninaandika ratiba. Mji huu ulijengwa na bati. Ilikuwa Symétain, kampuni ya 1932, ikaja Sominki mwaka 1976, kisha Sakima mwaka 1997. Enzi za kampuni, aliniambia, hakuna mtu aliyetembelea nyumba kabla ya kuingia. Ulipewa namba kufuatana na cheo chako, ukipandishwa ukahamia nyumba kubwa kidogo, ukifukuzwa kazi nyumba nayo imekufukuza. Kuchagua nyumba, kukagua choo, kuuliza maji, ni mambo mapya kwake. "Sasa mnanunua nyumba kama mbuzi," alisema, "mnamfungua mdomo mpaka meno." Nafikiri ndiyo sababu hatuna desturi iliyokubalika ya vizite hapa, na kila mmoja anabuni yake. Nimefunga mabano.

Siku ya vizite yenyewe haina mengi. Fungia hela na karatasi muhimu, fungua madirisha, toa watoto uani. Usiwafuate wageni chumba kwa chumba kama polisi. Simama mahali unapoonekana. Usiiuze nyumba, hiyo kazi ina komisyo na siyo yako. Usiiharibu pia, kumbuka dola 120. Ukiulizwa, jibu ukweli, kwa kadiri ya swali. Komisyonere wangu alikuwa na kipaji cha kupanga vizite jua likiwaka, kwa sababu paa lilikuwa linavuja juu ya chumba cha pili na ukweli huo ulijionyesha wenyewe mvua ikinyesha. Aliponiona nimesimama karibu na chumba hicho alinikonyeza. Sikumkonyeza.

Jumamosi moja ya Mei walikuja mume na mke kutoka Kindu. Walikuwa wametoa taarifa siku 2 kabla, wakapiga tena wakiwa njiani, na wakafika saa kumi na moja na dakika ishirini, matope hadi magotini, mvua inapiga mabati hata hatukusikia hodi. Mama yule alipita sebule bila kuigeuzia shingo. Jikoni. Choo. Akarudi, akasimama chumba cha pili, akalitazama beseni letu lililokuwa linapokea matone, akaniuliza kama ni hapo tu. Nikamwambia ni hapo tu, na tangu lini. Alimgeukia mumewe, wakaongea Kirega, kisha akaniuliza maji tunateka wapi.

Walipunguziwa kodi ya mwezi 1 ili wabadilishe mabati mawili. Mimi nilipata dola 115. Dola 5 zilienda kwenye kioo, na kioo kweli tulikivunja.

Lakini nilikuwa bado sina pa kuhamia. Jumapili iliyofuata, saa moja asubuhi, komisyonere yule yule alinichukua twende tuone nyumba nzuri, karibu na shule, tena mpangaji wake anatoka mwezi ujao. Nilimuuliza kama ametoa taarifa. Akaniambia, "Mwalimu, tunapita tu." Tukapiga hodi. Mara ya tatu dirisha lilifunguka kidogo, nikaona kitenge, mswaki, na jicho moja.

"Karibuni Jumatano," mama alisema, "saa kumi jioni," akafunga.